Milioni 300, barabara tano: kazi ipi ipewe fedha kwanza?

*"Shikamoo Mhandisi. Mimi ni fundi sanifu wilayani, Kanda ya Ziwa. Nina milioni 300 za matengenezo na barabara tano za changarawe. Nimezipa alama za ukaguzi kati ya 0 na 100 (100 ni nzuri kabisa), na nimehesabu magari kwa siku bila bodaboda. A: km 10, alama 62, magari 140. B, iendayo kiwanda cha kuchambua pamba: km 14, alama 35, magari 60. C, inayokatiza mbuga: km 12, alama 58, magari 18. D: km 16, alama 80, magari 75. E: km 9, alama 22, magari 9. Nilizidisha upungufu wa alama kwa idadi ya magari. A ikaongoza, nikaiwekea changarawe yote kwa milioni 270, na milioni 30 zilizobaki nikaipa B. Bosi amerudisha ripoti, ameandika 'haijajieleza'. Nimeambatisha karatasi za ukaguzi na bei zetu. Nimekosea wapi?"*

Marahaba. Kuzidisha kwako kuko sawa kihesabu, na A kweli ina uzito. Mahali ripoti ilipoteleza ni pale ulipotoka kwenye orodha ya barabara ukaruka moja kwa moja hadi kwenye fedha. Katikati hapo kuna hatua ambayo haikuandikwa: kila kipande kinahitaji kazi gani, na kazi hiyo itadumu muda gani. Bosi wako akisoma "A imeongoza, hivyo changarawe km 10", anajiuliza nani amesema A inahitaji changarawe. Alama 62 haisemi hivyo.

Nimefungua karatasi zako. Umekagua kila mita 200, na hiyo ni kazi nzuri kuliko nyingi ninazoletewa, lakini ukishamaliza umezijumlisha zote ukachukua wastani wa barabara nzima. Wastani ndio uliokupoteza. Kwenye A, vipande 17 vya mwanzo, yaani km 3.4 kutoka njia panda hadi sokoni, vina alama kama 30: changarawe imebaki chini ya sentimita 5 na mahali pengine udongo wa chini unaonekana. Vipande 33 vinavyofuata vina alama kama 78. Huko changarawe bado ni sentimita 9 hadi 12. Kinachosumbua ni mitaro iliyojaa mchanga na mgongo wa barabara uliolala, maji hayamwagiki pembeni. Ukichanganya hizo mbili unapata 62, namba ambayo haifanani na kipande chochote cha barabara hiyo. Ungeweka changarawe mpya juu ya km 6.6 zenye changarawe ya kutosha, na mitaro ingebaki imeziba hivyo hivyo.

Kwenye C wastani umefanya madhara makubwa zaidi. Alama 58 inaonekana ni barabara ya kawaida tu. Ila vipande vinne, mita 800 za mbugani, vina alama 10, na pembeni umeandika kwa kalamu "haipitiki masika". Barabara ya km 12 yenye mita 800 zisizopitika ni barabara iliyofungwa. Sentensi hiyo ya pembeni ilipaswa kuwa ukurasa wa kwanza wa ripoti.

Kwa hiyo kabla ya kupanga chochote, kata barabara zako upya kwa kufuata hali, si kwa kufuata jina. A inakuwa A1 (km 3.4) na A2 (km 6.6). C inakuwa C1, zile mita 800, na C2 yenye km 11.2. B, D na E zinaweza kubaki nzima, maana karatasi zao hazipishani sana. Sasa una vipande saba, na kila kimoja kinaweza kupewa kazi moja inayoeleweka.

Kwa bei zako, uchongaji mwepesi wa greda pamoja na kufyeka, kusafisha mitaro na kuzibua kalvati ni milioni 2 kwa kilomita. Uchongaji mzito, ule wa kurudisha mgongo na kufukua mitaro upya, ni milioni 4. Changarawe mpya ya sentimita 15 baada ya kushindiliwa ni milioni 27. Kalvati moja ni milioni 7. Tazama pengo lililopo kati ya milioni 2 na milioni 27, kwa sababu ndilo linaloamua fungu la kwanza.

Fungu la kwanza ni la matengenezo ya kawaida, na linaenda kwa vipande ambavyo bado vina changarawe. Hapa ndipo hesabu ya kuzidisha huwaangusha watu wengi: kadiri barabara inavyokuwa nzuri ndivyo inavyopata pointi chache, kwa hiyo D haikupata hata shilingi. Lakini D ina km 16 za changarawe nzima. Kwa bei yako, kuiweka upya ni milioni 432, zaidi ya bajeti yako yote. Kuitunza mwaka huu ni milioni 32. Usipoitunza, haianguki siku hiyo hiyo. Mitaro inajaa, maji yanapanda barabarani, yanatafuta njia katikati ya alama za matairi, na misimu miwili mitatu baadaye unakagua barabara yenye makorongo na alama 40. Ripoti ya "mbovu kwanza" kila mwaka inatengeneza barabara mbovu za mwaka unaofuata. Kwa hiyo andika D milioni 32, C2 milioni 22.4 kwa uchongaji mwepesi, na A2 milioni 26.4 kwa uchongaji mzito kwa sababu mgongo wake umelala. Jumla ni milioni 80.8, na fedha hizo zisishindanishwe na kitu kingine.

Fungu la pili ni la sehemu korofi, na hapa kuna C1 peke yake. Magari 18 kwa siku hayatashinda ushindani wowote wa magari, na hayapaswi kuingizwa kwenye ushindani huo. Kwanza, namba yenyewe si ya kuaminiwa: barabara isiyopitika haina magari, kwa hiyo ubovu umepunguza hesabu kisha hesabu inatumika kuhalalisha ubovu. Pili, kipimo sahihi cha sehemu korofi ni urefu wa barabara unaofunguliwa na kama kuna njia mbadala. Ramani yako inaonyesha C haina njia nyingine. Mita 800 zikitengenezwa, km 12 zinafunguka mwaka mzima.

Ila kazi ya mbugani iandikwe kwa undani, la sivyo mkandarasi atapitisha greda na mwaka kesho utaomba fedha tena. Udongo ule mweusi wa mfinyanzi huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na kuuchonga ni kuandaa tope. Unachohitaji ni tuta la wastani wa sentimita 50 kwa udongo mzuri ulioletwa kutoka sehemu za juu, si kwa udongo uliochotwa pale pale pembeni. Juu yake changarawe, na pale maji yanapokatiza jenga drifti mbili za zege, maji yapite juu bila kubomoa. Nimependa drifti kuliko kalvati hapa kwa sababu eneo ni tambarare: bomba la kalvati litahitaji tuta refu la kulifunika, na mteremko ni mdogo kiasi kwamba litajaa matope haraka. Mitaro isichimbwe karibu na mguu wa tuta; maji yakisimama hapo udongo wa chini utalowa, na tuta litapasuka kwa urefu. Kwa bei zako yote hayo ni kama milioni 72.

Sasa zimebaki milioni 147.2. Fungu la tatu ni la matengenezo ya muda maalum, na hapa ndipo magari yanapofanya kazi yake. Tenga kama milioni 10 za dharura, kwa sababu kalvati moja hubebwa na maji kila msimu. Wanaogombea kilichobaki ni A1 na B.

A1 inahitaji changarawe mpya: km 3.4 mara milioni 27 ni milioni 91.8. B nzima kwa changarawe ingekuwa milioni 378, kwa hiyo hilo halipo mwaka huu. Kinachowezekana B ni uchongaji mzito wa km 14 kwa milioni 56 na kalvati tatu zilizovunjika kwa milioni 21, jumla 77. Zote mbili kwa pamoja ni 168.8. Hazitoshei.

Njia ya haraka ya kuzilinganisha ni kuchukua magari mara kilomita, kisha kugawa kwa fedha. A1 ina 140 mara 3.4, yaani 476, na ukigawa kwa milioni 91.8 unapata kama 5 kwa kila milioni. B ina 60 mara 14, yaani 840, na ukigawa kwa 77 unapata kama 11. B inaongoza mara mbili. Wengi huishia hapa, na ripoti inaonekana ya kisayansi kabisa.

Lakini uchongaji wa B utadumu mwaka mmoja ukibahatika, na changarawe ya A1 haitaisha mwaka huo huo. Itaisha lini? Kuna kanuni ya zamani iliyotokana na utafiti wa maabara ya barabara ya Uingereza uliofanyika kwenye barabara za changarawe za Kenya, na bado inafaa kwa makadirio ya ofisini:

```
GL = f × (T² / (T² + 50)) × (4.2 + 0.092T + 3.5R² + 1.88V)
```

GL ni milimita za changarawe zinazopotea kwa mwaka. T ni maelfu ya magari kwa mwaka kwa pande zote mbili, R ni mvua ya mwaka kwa mita, V ni mteremko kwa asilimia, na f ni namba ya aina ya changarawe. Kwa ile nyekundu ya kokoto za chuma, ambayo ndiyo mliyo nayo, ni kati ya 0.94 na 1.29. Kwa A1 nimeweka f 1.1, T 51, R 0.9 na V 1. Jibu ni kama milimita 15 kwa mwaka. Ukianza na milimita 150 na kukubali kurudia zikibaki 50, una miaka sita na kitu. Tumia sita. Machimbo yakitoa changarawe dhaifu au ushindiliaji ukifanywa bila maji, miaka hiyo inapungua, na ndiyo maana kipimo cha maabara cha changarawe kinapaswa kuwa kwenye mkataba.

Rudia hesabu sasa kwa gharama ya mwaka. A1: milioni 91.8 kwa miaka sita ni 15.3, ongeza milioni 6.8 za uchongaji mwepesi ambao bado utahitajika kila mwaka, unapata 22.1. Gawa 476 kwa 22.1, jibu ni kama 21.5. B: uchongaji milioni 56 wa mwaka mmoja, na kalvati za milioni 21 zinazoweza kudumu miaka 20, yaani kama milioni 1 kwa mwaka. Jumla 57, gawa 840 kwa 57, jibu ni 14.7. Mpangilio umegeuka. A1 ipate kazi yake kamili, na B ipate kilichobaki, milioni 45: kalvati zote tatu kwa 21, na uchongaji mzito wa km 6 kwa 24.

Km 6 zipi? Usichague kwa alama peke yake. Magari ya barabara ya pamba hayako sawa kote. Malori yanayotoka vijijini yanazidi kuungana kadiri unavyokaribia kiwanda. Chukua km 6 za upande wa kiwanda, hata kama mwisho wa kule vijijini una alama ndogo zaidi. Kalvati zitengenezwe popote zilipo, maana iliyovunjika ikikatika hakuna lori litakalopita.

Jedwali la ripoti litakuwa fupi hivi, kwa mamilioni ya shilingi:

| Kipande | Km | Kazi | Fedha | Fungu |
|---|---|---|---|---|
| D | 16 | uchongaji mwepesi, mitaro | 32.0 | kawaida |
| A2 | 6.6 | uchongaji mzito | 26.4 | kawaida |
| C2 | 11.2 | uchongaji mwepesi | 22.4 | kawaida |
| C1 | 0.8 | tuta, changarawe, drifti 2 | 72.0 | sehemu korofi |
| A1 | 3.4 | changarawe mpya | 91.8 | muda maalum |
| B | 6 | uchongaji mzito, kalvati 3 | 45.0 | muda maalum |
| E | 9 | hakuna | 0 | – |
| Dharura | – | – | 10.4 | – |

Uchongaji wa B ungeweza pia kuwekwa kwenye fungu la kawaida. Mimi nimeuacha pale uliposhindana na A1, ili msomaji aone ulishindana na nini.

Chini ya jedwali hilo weka kile ambacho ripoti nyingi hukificha: orodha ya kilichokosa fedha. B inabaki na km 8 ambazo hazijachongwa, milioni 32, na hitaji lake halisi la changarawe, milioni 378. E inabaki bila kitu, na sababu iandikwe waziwazi: magari 9 kwa siku, na kijiji chake kinafikika kwa kupitia D ingawa kwa mzunguko. Diwani wa kule atauliza kwenye kikao. Afadhali ajibiwe na ripoti kuliko wewe uanze kutafuta maneno ukiwa umesimama. Ila kahakikishe kwa miguu kwamba mzunguko huo unapitika masika. Kama haupitiki, kile kipande kibovu zaidi cha E kinahamia fungu la sehemu korofi, na hesabu inaanza upya.

Nije kwenye magari yenyewe. Fomu zako zinaonyesha B ilihesabiwa Julai, siku tatu, katikati ya ununuzi wa pamba. Hiyo si B ya mwaka mzima. A ilihesabiwa siku ambazo moja ni ya mnada. Hesabu ya kutegemewa ni ya siku saba mfululizo, irudiwe msimu mwingine, kisha ndipo uchukue wastani. Najua muda haupo, basi fanya jaribio badala yake: punguza magari ya A kwa asilimia 30 uone kama mpangilio unabadilika. A1 inashuka hadi 15.1 na B iko 14.7, kwa hiyo A1 bado iko mbele, kwa nywele tu. Na kwa kuwa B ilihesabiwa msimu wa juu, namba yake ya kweli ni ndogo zaidi, kwa hiyo uamuzi unasimama. Andika jaribio hilo kwa sentensi tatu. Kwa bosi, sentensi hizo zina uzito kuliko kurasa kumi za picha za mashimo.

Bodaboda umefanya vizuri kuziweka kando. Hazili changarawe kama lori, na ukizichanganya humo A itaonekana kubwa kupita kiasi. Lakini zisitupwe. Zipe safu yake kwenye jedwali la magari, maana kwenye C huenda ndizo zinazobeba wagonjwa, na hoja ya C1 itapata nguvu.

Jambo la mwisho la kuongeza ni kalenda, kwa sababu mgao bila tarehe unaweza kuharibika ukiwa sahihi. Mwaka wa fedha unaanza Julai na mvua zenu zinaanza kushika Novemba. C1 ndiyo isainiwe kwanza, tuta liwe limeshindiliwa na zege limekomaa kabla ya mvua. Uchongaji wa A2, C2 na D usifanywe kwenye vumbi la Septemba: greda itakwangua, magari yatapuliza, na ndani ya wiki chache mawimbi yatarudi. Subiri mvua za kwanza zilowanishe, au mlipe mkandarasi gari la maji. Changarawe ya A1 inaweza kuwekwa kiangazi kama maji ya kushindilia yapo kwenye bei. Angalia bei zako tena, sikuliona gari la maji kwenye ukurasa wa pili. B igawanye: kalvati kabla ya mvua, uchongaji wa zile km 6 mvua zikielekea ukingoni, udongo ungali na unyevu na malori ya pamba hayajaanza kupanga foleni kiwandani.